Sanifu au ya mtaani: tangazo moja la maji na wasomaji wanaolisoma

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji katika ploti ya nyumba 24 huku Umoja, Nairobi. Kazi yenyewe haina mshahara. Ni kuandika matangazo tu: maji, taka, taa za ngazi, geti kufungwa saa ngapi. Kwa miaka michache niliyoifanya, nimegundua kwamba swali linalonichelewesha zaidi si la kusema nini. Ni la kusema kwa Kiswahili kipi. Niandike sanifu kama cha taarifa ya habari, au niandike vile tunavyoongea kwenye ngazi, Kiswahili kilichochanganywa na maneno ya Kiingereza?

Wengi wenye kazi kama yangu, makatibu wa vyama, viongozi wa grupu za darasa na wenye vibanda wanaotangazia wateja wao, hukwama hapo hapo. Basi nitalinganisha njia hizo mbili kwa tangazo moja tu nililolituma kweli, la kuosha tangi la maji. Maneno ya Kiingereza nitayaandika yanavyotamkwa, kwa sababu ndivyo yanavyoingia mdomoni.

Kwanza tutenge kitu kimoja pembeni. Kuchanganya si Sheng. Anayesema "tumekonfam mitingi" anatumia maneno ambayo karibu kila mtu Nairobi anayajua. Sheng iliyozaliwa mitaa ya Eastlands ina maneno yake yaliyobuniwa au kupinduliwa, na hayo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kizazi hadi kizazi. Mtu wa miaka 45 akiandika Sheng aliyoijua shuleni, vijana wanamcheka kimya kimya. Hapa nazungumzia mchanganyiko, na pale Sheng inapoingia nitasema.

Vipimo vyangu

Napima kwa mambo manne. La kwanza, je, msomaji ataelewa bila kunipigia simu? La pili, lugha inaniweka umbali gani naye: jirani, mkubwa wangu, au mtu wa ofisi? La tatu, ina nguvu kiasi gani ya kumfanya mtu atende, maana tangazo la mchango lisiloleta mchango ni mapambo. La nne, je, maneno yatadumu? Kuna ujumbe unaosomwa mara moja ukaisha, na kuna unaochapishwa, ukabandikwa getini, au ukatolewa mwaka unaofuata kama ushahidi kwamba mliambiwa.

Kabla ya kuchagua lugha, naandika mifupa ya ujumbe kwenye karatasi. Mwezi ule ilikuwa hivi: tangi linaoshwa; Jumamosi tarehe 14 Juni; hakuna maji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana; kila nyumba shilingi 200; pesa kwa keateka; mwisho Alhamisi tarehe 12. Mifupa hiyo haibadiliki hata nikibadilisha lugha mara kumi. Ikibadilika, kosa liko kwenye kuhamisha, wala si kwenye lugha.

Njia ya kwanza: sanifu

Nilichobandika getini kilikuwa hiki:

"Taarifa kwa wapangaji wote. Tangi la maji litasafishwa Jumamosi, tarehe 14 Juni. Maji yatafungwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Tafadhali hifadhini maji ya kutosha Ijumaa jioni. Kila nyumba inaombwa kuchangia shilingi 200, zikabidhiwe kwa keateka kabla ya Alhamisi."

Kueleweka. Kwa wengi, hakuna neno la kukwaza hapo. Mama wa nyumba namba 2, aliyekuja Nairobi kutoka Kilifi akiwa mtu mzima, alisoma mara moja akaenda zake. Aliyekwama ni kijana wa namba 17. Yeye amesoma saa kwa Kiingereza tangu chekechea, na "saa saba" aliichukua kuwa saba ya jioni. Alinunua mitungi miwili zaidi ya maji, na aliponiuliza kwa nini bomba linatiririka mchana, nikaelewa. Kosa hili ni la kawaida Nairobi kuliko watu wanavyokubali: saa yetu inaanza kuhesabu asubuhi jua linapochomoza, ya Kiingereza inaanza usiku wa manane, na mtu mwenye saa zote mbili kichwani hachagui kila mara ile uliyokusudia. Dawa ni kuandika saa ya Kiswahili na kando yake tarakimu za simu: saa saba mchana (13:00). Siku hizi sibandiki karatasi bila tarakimu hizo.

Utaona pia neno "keateka" limebaki ndani ya sanifu. Ningeweza kuandika "mtunzaji wa jengo", lakini hakuna mtu ploti yetu anayemwita hivyo, na angetafutwa mtunzaji ambaye hayupo. Sanifu haikukatazi neno la kukopa ambalo ndilo jina la kitu. Inachokudai ni sarufi yake.

Umbali. Sanifu Nairobi ni lugha ya shule, ya redio na ya mahubiri. Wachache sana wameinyonya kwa mama. Kihistoria ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyoshughulika kuisawazisha kwa Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo ukiandika sanifu kwa jirani yako wa ngazi moja, anakusikia kama umesimama jukwaani. Kwa mzee, hiyo ni heshima. Kwa kijana mliyetazama mpira naye jana, ni kama umekasirika.

Nguvu ya kutenda. Hapa ndipo karatasi yangu ilipoangukia pua. "Kila nyumba inaombwa kuchangia." Kufikia Jumatano usiku, nyumba 9 tu kati ya 24 zilikuwa zimetoa. Nilipozunguka kuuliza, jibu lilikuwa moja: tulidhani ni hiari. Nilijilaumu, kwa sababu kweli nilikuwa nimeandika hiari. Kitenzi cha kutendwa, "inaombwa", kinamficha anayeomba, na "kuchangia" kinanukia harambee, ambapo asiyekuwa nacho hasemwi. Adabu ya sanifu imekaa ndani ya vitenzi hivyo, na usipoiangalia inaula ujumbe. Ningeandika "Kila nyumba italipa shilingi 200", heshima isingepungua hata kidogo na maana ingesimama.

Tatizo jingine dogo lilikuwa "kabla ya Alhamisi". Wengine walihesabu Alhamisi yenyewe imo, wengine la. "Mwisho ni Alhamisi tarehe 12, saa kumi na mbili jioni" haina mlango wa nyuma.

Kudumu. Karatasi ile bado iko kwenye faili. Mtu yeyote anayejua Kiswahili, wa Umoja au wa Tanga, ataielewa miaka kumi ijayo.

Inamfaa nani? Anayeandikia watu wa rika mchanganyiko ambao hawajuani, anayebandika, anayeandikia mwenye nyumba au ofisi. Kwa ofisi za umma haki iko upande wako pia: Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo barua ya Kiswahili si ombi la kubembeleza.

Njia ya pili: mchanganyiko wa mjini

Kwenye grupu ya WhatsApp, ambako vijana ndio wengi, nilituma huu:

"Niaje majirani, Sato tunaosha tenki. Maji itapotea kutoka eit mpaka wan, so jazeni mitungi Fraide usiku. Kila hao inatoa soo mbili, tumeni kwa keateka bifo Thasde. Wenye washatuma, asanteni. Wenye hawajatuma, si mtume leo."

Kueleweka. Kwa kijana wa namba 17, hapa hakuna utata: "eit mpaka wan" ni saa ileile iliyo kwenye simu yake. Lakini Mama wa namba 2 alisomewa ujumbe huo na mjukuu wake, akanisimamisha ngazini. "Mwanangu, hizo soo mbili ni zipi tena kwenye ploti hii?" Kwake soo ni jambo la aibu, la kuzungumzwa kwa sauti ya chini. Kwa Nairobi soo ni shilingi mia. Nilimwambia hakuna aliyefumaniwa, ni mia mbili za kuosha tangi, na akatoa hapo hapo. Hilo neno ni la Sheng, na ndilo pekee lililokwaza. Maneno ya Kiingereza alikuwa ameyapita bila shida. Tangu siku hiyo pesa naandika kwa tarakimu, 200, hata ninapoandika kimtaani. Soo, thao, finje na mbao nayaacha mdomoni.

Kuna watu wanaodhani mchanganyiko hauna sarufi, kwamba ni kumwaga maneno tu. Waliofunzwa isimujamii sekondari wanajua jina lake, kuchanganya msimbo, lakini mara nyingi hawakuambiwa jinsi unavyofanya kazi. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyefanya utafiti Nairobi, alieleza kwamba lugha moja hutoa kiunzi na nyingine hutoa maneno ya kujaza. Kwetu kiunzi ni Kiswahili. Tunasema "tumekonfam", "hawajakonfam", "wakikonfam": viambishi vyote ni vyetu, Kiingereza kimeleta mzizi tu. Hakuna anayefanya kinyume, kubandika viambishi vya Kiingereza kwenye "osha". Na angalia mwisho wa kitenzi: sanifu husema "hatutumi", a inageuka i, ila "hatukonfam" haigeuki, kwa sababu mzizi wa kigeni haukuja na ile a. Mtu aliyejifunza Nairobi kwa kusikiliza hukosea hapo mara moja tu, kisha masikio yanamrekebisha.

Umbali. Unakaribia kabisa. "Niaje majirani" inasema mimi ni mmoja wenu. Ukaribu huo una mpaka wake lakini. Kumwandikia mama wa watu "mathe", au mzee "buda", ni ukosefu wa adabu hata kama mtoto wake anamwita hivyo nje ya geti. Na mchanganyiko hauna tafadhali iliyokaa vizuri, kwa hiyo wajibu wa adabu unabebwa na vitu vidogo, kama ile "si" ya "si mtume leo". Msomaji wa pwani anaweza kuisoma kama kanusho. Wa Nairobi anasikia kusukumwa kwa bega, taratibu.

Nguvu ya kutenda. Siku ile ile, nyumba 8 nyingine zilituma. Sidai ni lugha peke yake, kwani Alhamisi ilikuwa imekaribia na watu wanapenda siku ya mwisho. Lakini "inatoa" haina uombaji ndani yake, na "wenye washatuma, asanteni" iliwafanya wengine waanze kujihesabu.

Kudumu. Hapa unapoteza. Ujumbe huo ulisafirishwa na mtu hadi grupu ya ploti ya jirani, wakajaza mitungi bure, kwa sababu "Sato" haikuwa na tarehe wala jina la ploti. Lugha ya mtaani hudhani mnajuana, na inaacha nje kila kitu ambacho wanaojuana hawahitaji kuambiwa. Ukiitumia, tarehe na jina la mahali viandike vile vile.

Inamfaa nani? Grupu ya watu wanaojuana, jambo la wiki hii, mahali ambapo sauti ya kirafiki inaleta majibu haraka kuliko sauti ya ofisi.

Kuhama kutoka moja hadi nyingine

Baada ya kuosha, fundi alikuta ufa kwenye tangi. Ilibidi nimwandikie mwenye nyumba, mzee anayependa Kiswahili kilichonyooka, na nilikuwa na ujumbe wangu wa grupu tayari. Nikaona nibadilishe maneno tu. Rasimu ya kwanza:

"Kwa heshima, tungependa kukujulisha kwamba ile tangi iko na shida, na watu wenye hawajalipa ni sita."

Soma tena. Maneno yamevaa suti, miguu bado iko kwenye sandali. "Iko na" ni Nairobi tupu. Sanifu husema "lina". "Ile tangi" inatakiwa kuwa "tangi lile", au "tangi" peke yake. "Watu wenye hawajalipa" ni kirejeshi cha mtaani. Sanifu husema "ambao hawajalipa" au "wasiolipa". Na "shida" haimwambii mwenye nyumba alete fundi wa aina gani. Iliyokwenda ilikuwa hii:

"Kwa heshima, kamati inakujulisha kwamba tangi lina ufa wa upande wa chini, na maji yanavuja. Wapangaji ambao bado hawajalipa ada ya usafi ni sita."

Mshono wa kuhama huonekana kwenye upatanisho kabla haujaonekana kwenye msamiati. Nikitaka kukagua barua ya mtu, natazama "maji": ukiona "maji itapotea" ndani ya barua yenye "kwa heshima na taadhima", mwandishi alibadilisha maneno akasahau kiunzi. Baada ya "maji" natafuta "iko na", "wenye" na "venye". Hivyo vinne vinakamata makosa mengi kuliko kamusi.

Upande wa pili mshono ni ule ule kwa kinyume. Ukiwaandikia vijana "so tenki ambalo litasafishwa Sato", ile "ambalo" inasimama katikati kama polisi aliyevaa kiraia. Kila mtu anamjua. Mtaani sentensi ndefu yenye kirejeshi hukatwa mbili: "Sato tunaosha tenki. Ile ya juu." Na ile -nga ya mazoea, "mnachelewanga kutuma", ina kazi ambayo sanifu hufanya kwa hu-, "huchelewa kutuma". Kuhamisha moja kwa nyingine ni rahisi ukishajua zote mbili ni wakati uleule. Usipojua, utaandika "mnachelewa", ambayo inasema mnachelewa sasa hivi, na utaanzisha ugomvi na watu waliolipa mapema mwezi huu.

Wale wasio na WhatsApp

Wazee wawili wanapata SMS. Hapo kuna kipimo ambacho lugha haikukiweka: ujumbe mmoja una nafasi 160, ukizidi unakatwa vipande na kulipiwa zaidi, na ukitia emoji hata moja nafasi zinashuka hadi 70. Tangazo langu la getini halikutosha. La grupu pia halikutosha, jambo lililonishangaza, kwa sababu nilikuwa nikiamini mchanganyiko ni mfupi. Kilichotosha ni sanifu iliyovuliwa koti:

"Tenki inaoshwa Jumamosi 14. Hakuna maji saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Jazeni mitungi Ijumaa. Kila nyumba sh 200 kwa keateka, mwisho Alhamisi 12."

Mwalimu wa Kiswahili angeniandikia "tangi linaoshwa" kwa wino mwekundu, na angekuwa na haki. Wazee wangu wawili husema tenki, wakanielewa, na hakuna aliyepiga simu.

Kwa hali yako

Kama unaandikia mtu mmoja na hujui lugha yake, anza na sanifu nyepesi, kisha angalia jibu lake. Akijibu "sawa bana, nimeget", fuata. Akijibu "Nashukuru kwa taarifa", baki hapo.

Kama ni barua, mkataba, ilani ya getini, au jambo ambalo mtu anaweza kulikana baadaye, andika sanifu yenye vitenzi vya kutenda, tarehe kamili, na saa ikiwa na tarakimu kando.

Kama ni grupu ya vijana na jambo ni la wiki hii, changanya, ila pesa, tarehe na mahali viwe vilivyonyooka. Na kama Sheng ya mtaa huo huijui, usiijaribu. Mchanganyiko wa kawaida haukuaibishi.

Kama wasomaji wako ni wa aina zote kama ploti yetu, tuma mara mbili, kwa njia mbili tofauti, na ulinganishe mifupa kabla ya kubonyeza. Namba zote ziwe sawa. Itakuchukua dakika kumi.

Na kama ni msiba, nimeona hata grupu ya vijana inataka sanifu. Mwezi mmoja baada ya tangi, mpangaji wa ghorofa ya tatu alifiwa na babake. Kijana wa namba 17 ndiye aliyeandika tangazo, "Kwa masikitiko makubwa tunawajulisha", bila neno moja la Kiingereza, na hakuna aliyemtania. Orodha ya michango ilipoanza kuzunguka chini yake, aliyetangulia aliandika: "Nimetuma 500. Konfam."